Dakika Nne za Kufungua Webina

"Mnanisikia?" ni swali linalojibiwa na wanaosikia tu. Mwenyeji wa semina ya mtandaoni huliuliza mara tu anapoingia hewani. Watu kadhaa huandika "ndiyo", wengine "tunakupata vizuri", naye anaendelea na salamu akiamini kwamba wote wamo. Yule msikilizaji wa Kibondo ambaye simu yake haijaunganisha sauti hakulisikia swali, kwa hiyo hana la kujibu. Anaona midomo inacheza kwenye kioo. Atabonyeza huku na kule dakika mbili tatu, atatoka na kuingia tena, kisha atazima data ili bando lisiishe bure.

Mtu huyo ndiye anayepaswa kuamua ufunguzi wa webina upangwe vipi. Kwa kawaida mpangilio huwa kinyume chake: kwanza karibu, halafu wasifu wa mwenyeji, wasifu wa watoa mada, mada yenyewe, utaratibu wa maswali, na mwisho kabisa, wakati wa kukabidhi kipaza sauti, mwenyeji anataja namba ya msaada kwa mdomo. Tarakimu kumi zinasomwa haraka haraka kwa watu ambao nusu yao wana kalamu mbali, na wale wanaozihitaji hawazisikii kabisa. Mimi nimeongoza vikao vya namna hii kwa muda wa kutosha kuwa na msimamo: msaada wa kiufundi uje kwanza, na uje kwa maandishi.

Tuchukue webina moja na kuifuata hatua kwa hatua. Chama cha wafugaji kinataka kuwaeleza wanachama wake namna ya kuchanja kuku wa kienyeji dhidi ya kideri, ugonjwa ambao wengine huuita mdondo. Mtoa mada ni daktari wa mifugo. Waliojiandikisha ni kama mia tatu, karibu wote watasikilizia kwenye simu, na wengi wao wananunua bando la siku. Kikao ni cha saa moja, kupitia Zoom, katika mfumo unaoitwa Webinar. Huu ni tofauti na mkutano wa kawaida wa Zoom. Kwenye mkutano kila aliyeingia anaweza kuwasha kamera na kipaza sauti. Kwenye webina wanaoonekana na kusikika ni mwenyeji na watoa mada tu. Wengine wanasikiliza, wanaandika, na wanaweza kunyoosha mkono kwa kubonyeza kitufe. Hawaonani. Msikilizaji hajui kama yuko na watu kumi au elfu moja, wala hana jirani wa kumnong'oneza "mbona sisikii?" Kila anachopaswa kujua kuhusu kikao hicho lazima mwenyeji amwambie.

Kazi inaanza kabla ya saa ya kikao. Zoom ina kitu kinachoitwa Practice Session, chumba cha maandalizi ambamo mwenyeji na watoa mada wanaingia mapema wakati wasikilizaji bado wako nje. Nusu saa inatosha. Humo mnapima sauti ya kila mtoa mada, mnahakikisha jina lililoandikwa chini ya picha yake ni jina lake na si la aliyemwazima kompyuta, na mnafungua slaidi ya kwanza. Mkiwa tayari, mwenyeji anabonyeza Start Webinar, na hapo ndipo matangazo yanapowafikia wasikilizaji. Kuna makosa mawili hapa, na yote hutokea. La kwanza ni kusahau kubonyeza, mkaanza kuhutubia chumba kitupu. La pili ni kubonyeza mapema na kuendelea kupiga soga mkidhani bado mko peke yenu. Dawa ya yote mawili ni simu ya pili, iliyoingia kama msikilizaji wa kawaida, kwa kutumia data na si waya wa intaneti wa ofisini, iliyo mkononi mwa mtu wa msaada. Anachokiona na kukisikia kwenye simu hiyo ndicho wasikilizaji wanachokiona na kukisikia. Simu ikiwa kimya wakati mwenyeji anaongea, huo ni ushahidi kuliko "ndiyo" hamsini za kwenye skrini.

Slaidi ya kwanza inawekwa hewani dakika kumi kabla ya muda. Mara nyingi slaidi hii huwa na nembo za wadhamini na picha nzuri. Hiyo yetu ya kuku ina maandishi makubwa yanayosomeka kwenye simu ndogo:

"Tunaanza saa kumi kamili jioni. Sasa hivi unapaswa kusikia muziki. Kama husikii, tuma neno SISIKII kwa WhatsApp au meseji kwenye namba hii."

Chini yake ni namba, kwa tarakimu kubwa kuliko maandishi mengine yote.

Muziki huo una kazi maalumu. Ndiyo kipimo cha sauti ambacho msikilizaji anajifanyia mwenyewe kabla ya neno lolote la maana kusemwa. Ila kuna mtego: unaposhirikisha skrini kwenye Zoom, sauti ya kompyuta haiendi kwa wasikilizaji mpaka uweke alama kwenye kisanduku cha Share sound. Ukisahau, wewe utausikia muziki vizuri kutoka kwenye spika zako, na watu mia tatu watasoma kwamba wanapaswa kusikia muziki wasioupata, na simu ya msaada itaelemewa na ujumbe wa watu wasio na tatizo lolote. Ile simu ya pili inaligundua hili ndani ya sekunde tano.

Na kwa nini namba ya nje, wakati Zoom yenyewe ina sehemu ya kuandika ujumbe, Chat? Kwa sababu mwenye shida ya kuingia hayumo ndani. Hawezi kuandika mahali ambapo hajafika. Namba ya msaada inapaswa kuwa imemfikia kwenye ujumbe wa mwaliko, na tena kwenye ujumbe wa kukumbusha asubuhi ya siku yenyewe, ili aikute kwenye simu yake hata kama kiungo kimegoma.

Sasa saa imefika na matangazo yamefunguliwa. Hapa linakuja jambo ambalo watangazaji wetu wengi hawajalizoea. Mikutano yetu ya hadhara inaanza kwa salamu zinazojibiwa. Unasema "Asalaam aleikum", ukumbi unaitikia. Unasema "Tumsifu Yesu Kristo", ukumbi unaitikia. "Bwana Yesu asifiwe", unaitikiwa tena. Kwenye webina hakuna anayeweza kuitikia kwa sauti. Mwenyeji anasalimu, anasubiri, anapokewa na kimya, anarudia kwa nguvu zaidi. Wakati huo huo wasikilizaji wenye adabu zao wanaitikia kwa maandishi, na Chat inafurika "Waaleikum salaam" na "Amina" mia mbili, zikisukuma juu na kupoteza kila kitu muhimu kilichokuwa kimeandikwa pale, ikiwemo namba ya msaada. Sisemi watu wasisalimiane. Nasema salamu iwe moja, isiyodai jibu, na namba ibaki kwenye slaidi, mahali ambapo hakuna ujumbe wa kuisukuma.

Hivi ndivyo mwenyeji wetu wa webina ya kuku anavyoanza:

"Karibuni sana, ndugu wafugaji, popote mlipo. Kabla sijasema jingine: kwenye skrini yako kuna namba ya simu. Sauti ikikatika, picha ikiganda, au ukitolewa ukashindwa kurudi, tuma ujumbe kwenye namba hiyo. Yuko mwenzetu mmoja ambaye kazi yake leo ni kukusaidia wewe tu. Usiandike tatizo la sauti kwenye sehemu ya maswali, kwa sababu huko anasoma daktari. Bando lako tumelifikiria: baada ya kujitambulisha tutazima kamera, zibaki slaidi na sauti."

Ni nusu dakika, na slaidi inasema yale yale kwa maandishi. Asiyesikia anasoma, na anayesikia lakini yuko kwenye bodaboda na simu mfukoni anapata kwa sikio.

Hilo la bando linahitaji maelezo kidogo. Kwa vipimo vya Zoom wenyewe, sauti peke yake inahitaji mpaka kilobiti 80 kwa sekunde, na slaidi zisizo na video mpaka 75. Piga hesabu kwa saa nzima: sauti ni kama megabaiti 36, slaidi kama 34, jumla inakaribia 70. Video ya ubora mzuri inahitaji kilobiti 600 kwa sekunde, ambazo kwa saa ni megabaiti 270. Matumizi halisi hupanda na kushuka kulingana na mtandao, lakini tofauti ni kubwa kiasi cha kumfanya mtu wa bando la megabaiti 200 amalize kikao au akatike katikati. Kwa hiyo uamuzi wa kuzima kamera ni sehemu ya msaada wa kiufundi, na unastahili kutajwa hapo mwanzoni, watu wajue kwamba sura zikipotea hakuna kilichoharibika.

Kisha mwenyeji anajitambulisha. Msikilizaji anataka kujua mambo mawili kumhusu: ni nani, na ana kazi gani leo. "Naitwa fulani, ni katibu wa chama chetu. Leo nitasoma maswali yenu na kutunza muda." Basi. Wasifu mrefu uende kwenye mwaliko. Mtoa mada anapewa sentensi mbili, na zichaguliwe kwa kuangalia mada. Kwamba daktari huyu amechanja kuku vijijini kwa miaka mingi kunamsaidia mfugaji kumwamini. Kwamba ni mjumbe wa kamati nne hakumsaidii. Na kama wapo waheshimiwa wanaostahili kutajwa, majina na vyeo vyao viandikwe kwenye slaidi moja, mwenyeji aseme "itifaki imezingatiwa" na kuendelea. Kauli hiyo ilizaliwa kwa ajili ya hali kama hizi. Nimeona kikao cha saa moja ambacho utambulisho wa wakubwa ulikula dakika kumi na nne, na idadi ya wasikilizaji, ambayo mwenyeji anaiona kwenye skrini yake, ikawa inapungua kila jina lilipotajwa.

Mada nayo itangazwe pamoja na mipaka yake. Kusema "leo tutazungumzia afya ya kuku" ni kuwaalika watu waulize kuhusu minyoo, bei ya chakula, mashine za kutotoleshea vifaranga na wezi. Mwenyeji wetu anasema hivi:

"Leo ni kideri tu, na chanjo yake ya matone, ile ya I-2. Daktari ataonyesha namna ya kumshika kuku na kumdondoshea tone moja jichoni, ataeleza kwa nini chanjo inarudiwa kila baada ya miezi mitatu, na kwa nini kuku aliyekwisha kuugua hachanjwi. Hatutazungumzia magonjwa mengine wala bei. Daktari atasema kwa dakika ishirini na tano, maswali dakika ishirini na tano, na saa kumi na moja tunafunga."

Mipaka hiyo inamwezesha mfugaji aliyekuja kwa ajili ya minyoo kuamua mapema kama atabaki. Inampa mwenyeji pia haki ya kuliweka kando swali la nje bila kumvunjia mtu heshima, kwa kuwa alikwisha kutangaza.

Na saa? Hapo pana shimo ambalo Waswahili tunajichimbia wenyewe. Saa kumi jioni ya Dar es Salaam, Nairobi na Kampala ni saa tisa alasiri huko Goma, Bukavu, Kigali na Bujumbura, na ni saa kumi na moja jioni Maskati. Zaidi ya hapo, kalenda ya Zoom inaandika 16:00, na mtu anayesoma mwaliko kwa Kiswahili anaona saa kumi. Mwenye haraka huweza kusoma 4:00 akaelewa saa nne. Mwaliko na slaidi ya kwanza ziandike zote mbili, saa kumi jioni na 16:00, pamoja na jina la mji. Mwenyeji akitangaza saa ya kufunga ataje mji pia, mara moja tu.

Tunafika kwenye kanuni za maswali, na hapa ndipo webina nyingi zinapotengenezeka au kuharibika.

Zoom Webinar ina sehemu mbili za kuandikia, na msikilizaji mgeni hajui tofauti yake. Chat ni mtiririko: kila ujumbe mpya unausukuma wa zamani juu. Q&A ni orodha: swali linakaa pale pale mpaka mwenyeji au mtoa mada alijibu kwa maandishi, alitie alama kwamba linajibiwa kwa sauti, au aliondoe. Swali lililoandikwa kwenye Chat dakika ya sita halitaonekana tena dakika ya thelathini. Lililoandikwa kwenye Q&A litakuwepo. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni moja na inasemwa waziwazi: swali kwa daktari liende Q&A, na Chat ni ya salamu na ya viungo tutakavyowatumia. Slaidi ioneshe picha ya kitufe chenyewe, maana kwenye simu vitufe hujificha mpaka uguse skrini, na wapo ambao hawatakiona mpaka waambiwe "gusa katikati ya kioo, vitufe vitatokea".

Mwandaaji ana uamuzi wa kufanya kimya kimya kabla ya kikao. Kwenye mipangilio ya Q&A anachagua kama wasikilizaji wataona maswali yote au yale yaliyojibiwa tu. Akichagua yaliyojibiwa tu, watu arobaini wenye swali moja wataliuliza mara arobaini, kwa sababu hakuna anayeona kwamba mwenzake ameshauliza. Akiruhusu yote yaonekane, anaweza pia kuruhusu wasikilizaji walipigie kura swali la mwenzao kwa kubonyeza alama ya dole gumba. Kwa kikao cha wafugaji mia tatu mimi huchagua njia hii ya pili. Maswali yanapungua, na yale yanayowagusa wengi yanajitokeza yenyewe. Kwa mada za siri, mfano afya ya uzazi au madeni, uamuzi uwe mwingine: maswali yasionekane mpaka yamepitiwa, na waulizaji waruhusiwe kuficha majina. Mwenyeji aseme mwanzoni ni utaratibu upi unatumika. Mtu akidhani jina lake limefichwa na kumbe linaonekana, hatauliza tena maishani.

Kisha swali lenyewe. Mfugaji anaandika: "Kuku wangu wanakufa nifanyeje?" Daktari hawezi kulijibu. Hajui wapi, kuku wangapi, wanakufaje, wamechanjwa lini. Angeanza kuuliza maswali yake, mwulizaji hana sauti, dakika tano zinapita. Badala ya kulaumu waulizaji, mwenyeji anawapa umbo la kufuata, na slaidi inalionesha:

"Andika uko wapi, una kuku wangapi, walichanjwa lini, kisha swali lako moja. Kwa mfano: Niko Singida, kuku 40 wa kienyeji, walichanjwa miezi minne iliyopita, wazima wote. Nirudie sasa?"

Mfano huo unafanya kazi kuliko maelezo ya kurasa mbili. Swali la namna hiyo daktari analijibu kwa sekunde ishirini: ndiyo, muda umeshapita, chanja wote sasa wakiwa wazima, na hesabu miezi mitatu kuanzia leo. Na wote wenye kuku waliochanjwa zamani wamejibiwa kwa pamoja.

Baada ya hapo mwenyeji anasema ni lini maswali yatajibiwa, na ni yapi hayatajibiwa. "Andika wakati wowote, lakini tutaanza kuyajibu daktari akimaliza" inamwondolea mtu wasiwasi kwamba amepuuzwa. Na kuhusu mgonjwa mmoja mmoja: daktari aliye kwenye skrini hawezi kumpima kuku wa Tandahimba. Mwenye banda lenye kuku wanaokufa leo aambiwe hapo hapo mwanzoni ampigie afisa mifugo wa kata yake, asingojee zamu yake kwenye orodha ya maswali. Hili si suala la utaratibu tu, kuku wake hawana hiyo saa moja ya kusubiri.

Wapo wasioandika kwa urahisi, na kwao kuna kunyoosha mkono. Msikilizaji anabonyeza Raise Hand, mwenyeji anaona jina lake na kubonyeza Allow to Talk. Lakini sauti haifunguki papo hapo. Mwulizaji anatokewa na ujumbe kwenye simu yake unaomtaka afungue kipaza sauti, na lazima aukubali. Mwenyeji asiyejua hilo anaita "Mama fulani, karibu… Mama fulani? Haya, naona hayupo," na kumkata mama wa watu akiwa bado anatafuta pa kubonyeza. Njia nzuri ni kuwaita wawili wawili: "Anazungumza Mama Neema, atakayefuata ni Mzee Juma. Mzee Juma, utaona ujumbe kwenye kioo, ukubali." Kanuni hii pia inatangazwa mwanzoni, pamoja na muda, tuseme dakika moja kwa mtu, na pamoja na onyo dogo la kuzima redio iliyo karibu.

Kama kikao kinarekodiwa, kauli ya kurekodi inakaa hapa, kwenye kanuni za maswali, kwa sababu sauti ya mwulizaji ndiyo itakayobaki kwenye rekodi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Msikilizaji aambiwe kwamba tunarekodi, rekodi itawekwa wapi, na kwamba asiyetaka sauti yake isikike aandike badala ya kunyoosha mkono. Sentensi mbili zinatosha.

Hapo dakika nne zimekwisha, na mwenyeji anamkabidhi daktari. Lakini mtu wa msaada ndiyo kwanza yuko katikati ya kazi. Shida zitakazomfikia si nyingi kwa aina. Kubwa ni ya yule wa mwanzo, asiyesikia kabisa wakati picha anaiona: mara nyingi hajaunganisha sauti. Aambiwe aguse skrini, atafute alama ya hedifoni, na achague "Wifi or Cellular Data". Kama alama hiyo haipo, aangalie kama simu imezimwa sauti au imeshikamana na spika ya Bluetooth iliyo chumba kingine. Ya pili ni sauti ya kukatakata. Hiyo ni mtandao, na msaada wa kweli ni kumshauri asogee dirishani au nje, afunge programu nyingine, atoke na kuingia tena mara moja. Kama bado inakata, aahidiwe rekodi, na ahadi hiyo iandikwe mahali ili itekelezwe.

Ya tatu huwashangaza waandaaji. Mtu anasema: "Nilikuwa ndani, nimetolewa ghafla." Watu wanapojiandikisha kwa webina ya Zoom, kila mmoja hutumiwa kiungo chake. Mmoja anakipenda kikao, anakituma kiungo chake kwenye kundi la WhatsApp la familia au la kijiji. Kama mwandaaji hakuruhusu kiungo kimoja kitumike kwenye vifaa kadhaa, shemeji akiingia kwa kiungo hicho, mwenye nacho anaweza kujikuta nje. Wote wawili watadhani mtandao ni mbovu na watapokonyana nafasi kikao kizima. Mtu wa msaada anapaswa kuuliza swali moja tu: "Kiungo hicho ulimtumia mwingine?" Kisha ampe mgeni kiungo cha kujiandikisha mwenyewe.

Mwenyeji naye hajamaliza. Watu hawaingii wote saa kumi kamili. Wapo wanaotoka msikitini, wapo waliokuwa kwenye daladala. Na kwenye Zoom, anayeingia kwa kuchelewa haoni ujumbe wa Chat ulioandikwa kabla hajafika. Namba ya msaada iliyoandikwa huko saa kumi haipo kwa aliyeingia saa kumi na dakika kumi. Kwa hiyo mtu wa msaada anaibandika upya kila baada ya dakika chache, na slaidi zote za daktari zinakuwa na namba hiyo kwenye ukingo wa chini, kwa herufi ndogo lakini zinazosomeka. Daktari akimaliza, mwenyeji anarudia kanuni za maswali kwa sentensi tatu kabla ya swali la kwanza, kwa ajili ya hao hao.

Limebaki moja la kupanga kabla ya siku: mwenyeji mwenyewe akikatika. Umeme hukatika Morogoro kama unavyokatika kwingine. Awepo mwenzake aliyepewa nafasi ya co-host, aliye mji mwingine au angalau kwenye mtandao wa kampuni nyingine, mwenye nakala ya slaidi na ya maneno ya ufunguzi. Mwenyeji akipotea, huyo anaendelea pale alipoishia, na sentensi yake ya kwanza ni fupi: "Mwenzetu amekatika, naendelea mimi, namba ya msaada ni ile ile iliyo kwenye skrini."